Alama za usalama kwenye chaja zinapima nini hasa, na unazihakiki vipi kabla hujalipia

Shemeji yangu wa Tanga kanitumia skrinshoti juzi kati, chaja ya wati 65 ya kuchajia laptop na simu, elfu 28 na usafiri bure, chini ya picha wameandika kwa herufi kubwa CE FCC RoHS UL, ananiuliza shem hii si ni salama, ona alama zote zipo. Nikamwambia subiri kwanza usilipe. Mimi kazi yangu ni kutengeneza simu na vitu vidogo vidogo vya umeme, chaja nimefungua nyingi sana, na ile mbovu kuliko zote niliyowahi kuifungua ndo ilikuwa na alama nyingi kuliko zote. Alama ni wino tu, mashine ya kuchapa haiulizi kama kipimo kimefanyika.

Sasa ngoja nieleze nilivyomwelekeza hatua kwa hatua, lakini kabla ya hapo inabidi ujue hicho kipimo chenyewe kinapima nini, ukikosa hapo alama zote zitakuwa sawa machoni kwako.

Ndani ya chaja kuna pande mbili. Upande mmoja unaingia umeme wa ukutani, volti 230. Upande wa pili unatoka volti 5 au 9 au 20 kwenda kwenye simu, na simu iko mkononi mwako au sikioni. Kati ya pande hizo hakutakiwi kuwa na njia ya waya, nguvu inavuka kwa sumaku ndani ya transfoma ndogo. Kwenye bodi utaona kama mpaka, eneo limeachwa tupu bila shaba, na kwenye chaja iliyofanywa vizuri eneo hilo lina milimita 5 au zaidi. Vinavyovuka huo mpaka ni vichache, transfoma yenyewe, optokapla inayopitisha ishara kwa mwanga, na kakapasita kadogo mara nyingi ka bluu kanakoitwa kapasita ya Y, haka kametengenezwa maalumu ili kakifa kasigeuke kuwa waya. Sasa chaja feki inafanya nini, mpaka unakuta ni milimita 1, transfoma imesukwa kwa waya wa kawaida na katepu kamoja katikati, na kapasita ni ile ya kawaida ya bei ya pipi. Na itachaji vizuri tu! Hapo ndo watu wanapodanganyika, chaja inachaji mwaka mzima na hujui kwamba kati ya kidole chako na volti 230 kuna tepu tu.

Kwa hiyo maabara ikipima usalama wa chaja haiangalii kama inachaji haraka. Inaiweka chaja kwenye unyevu siku mbili, halafu inasukuma umeme wa takriban volti 3000 kati ya upande wa kuingia na upande wa kutoka kwa dakika 1, na hautakiwi upenye. Inaangusha chaja sakafuni. Halafu kuna kipimo ninachokipenda mimi, fundi wa maabara anaharibu chaja kwa makusudi, anashotisha kipande kimoja, anaangalia, analeta nyingine anashotisha kipande kingine, mara anashotisha waya wa kutoka kabisa, na wakati huo chaja imezungushiwa kitambaa chepesi kama chachi. Chaja ikifa ni sawa. Kitambaa kikishika moto imefeli. Umeme ukivuka kwenda upande wa mtumiaji imefeli.

Shika hapo. Kipimo cha usalama hakiahidi kwamba chaja haitakufa, kinaahidi kwamba siku ikifa itakufa peke yake.

Na tofauti yake sio ya kinadharia. Mwaka 2016 maabara ya UL ya Marekani ilipima chaja feki 400 zilizoiga za aifoni, zilizokusanywa kutoka nchi 8, na kwenye hicho kipimo cha volti nyingi zilipita 3 tu. Tatu kati ya mia nne. Zingine 12 zilikuwa mbovu kiasi kwamba zingeweza kuua mtu kwa shoti. Kwa nje zilikuwa zinafanana na original, alama zote zimechapwa.

Hatua ya 1: omba picha ya lebo ya chaja yenyewe

Usisome alama kwenye tangazo. Tangazo limetengenezwa na mtu wa grafiki na mara nyingi limenakiliwa kutoka duka lingine. Mwambie muuzaji akupigie picha ya chaja aliyonayo mkononi, upande wenye maandishi madogo, karibu na iwe na mwanga. Muuzaji wa kweli anafanya hiyo kazi ndani ya dakika tano. Akikutumia tena picha ya tangazo au akikwambia "bosi ni original usijali", umeshapata jibu lako.

Kwenye lebo unatafuta vitu vinne kabla hata ya alama: jina la mtengenezaji au kampuni, namba ya modeli, umeme unaoingia (iwe imeandikwa mfano 100-240V~ 50/60Hz na ampea zake), na umeme unaotoka kwa kila volti. Namba ya modeli ndo ya muhimu kuliko vyote, ndo itakayotumika kwenye hatua zote zinazofuata. Chaja iliyoandikwa tu "Fast Charger 65W" bila modeli wala kampuni haihakikiki, hata ungekuwa na maabara nyumbani hujui unalinganisha na nini, ishia hapo hapo.

Ya shemeji ilikuwa na modeli, tuliendelea.

Hatua ya 2: ondoa alama zisizohusu usalama

Hapa utashangaa zinavyobaki chache. FCC ni ya tume ya mawasiliano ya Marekani, inahusu chaja isitoe kelele za redio zikaharibu mawasiliano ya wengine. Chaja inaweza kupita FCC na ikakupiga shoti siku hiyo hiyo, ni mambo mawili tofauti kabisa. RoHS ni kuhusu sumu kama risasi, zebaki na kadimiamu kwenye vipande vya ndani. Pipa lenye alama ya mkato maana yake usitupe kwenye takataka za kawaida. Herufi VI za Kirumi ndani ya duara ni ya matumizi ya umeme, kwamba haili umeme mwingi ikiwa imechomekwa bila simu. Nembo ya USB ya wale wenye kiwango chao inaonyesha chaja na simu zinaelewana kwenye volti na ampea, ni nzuri kuwa nayo, ila sio cheti cha kwamba hutapigwa shoti.

Halafu kuna kile kimraba ndani ya mraba mwingine. Hicho wengi wanadhani ni cheti. Kinasema tu kwamba chaja imebuniwa kuwa na kinga mara mbili ndo maana haihitaji waya wa ethi. Ni maelezo ya mtengenezaji mwenyewe kuhusu ubunifu wake. Chaja feki zote ninazozifungua zina hicho kimraba na kinga hata moja hazina.

Kwenye ile orodha ya shemeji, FCC na RoHS zimeondoka. Zimebaki CE na UL.

Hatua ya 3: ielewe CE ilivyo, usiidharau wala usiiamini sana

CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba bidhaa yake inafuata sheria za Umoja wa Ulaya. Kwa chaja ya kawaida ya ukutani sheria haimlazimishi aende maabara ya nje, anaruhusiwa kupima mwenyewe, kuandaa faili la kiufundi, kusaini tamko na kuchapa CE. Kampuni kubwa inayouza Ulaya inafanya kweli maana ikikamatwa inarudisha mzigo wote na faini juu. Ila kiwanda kisichojulikana kinachouza moja kwa moja kwako Tanga au Mombasa kwa posta, nani wa Ulaya atakuja kumkamata? Kwa mnunuzi wa huku CE ina uzito ule ule wa mtu anayekwambia "niamini".

Na ile stori ya kwamba kuna CE ya Ulaya na CE nyingine ya "China Export" ambayo herufi zake zimesogeleana, jamani tuiache. Tume ya Ulaya ilishaulizwa swali hilo na mbunge na mwaka 2008 ikajibu kwamba haina habari ya kuwepo kwa alama kama hiyo, na kwamba hiyo inayosemwa ni CE ile ile iliyochorwa bila kufuata vipimo. Ukikuta herufi zimebanana ujue tu mchoraji hakufuata mchoro, ni dalili ya uzembe, lakini CE iliyochorwa kwa vipimo sahihi nayo haithibitishi chochote. Kupima nafasi kati ya C na E kwa rula ni kupoteza muda.

Kuna kitu kingine kuhusu CE ambacho kinatuhusu sana sisi wa plagi ya pini tatu bapa. Sheria ya Ulaya ya vifaa vya umeme wa kawaida imeziacha nje plagi na soketi za nyumbani. Maana yake hata CE ya kweli kabisa haisemi chochote kuhusu zile pini tatu, iwapo ni nene vya kutosha au zimepangwa sawa. Pini zinapimwa kwa kiwango cha Uingereza, BS 1363, na hiyo inabidi uiangalie peke yake, nitafika.

Hatua ya 4: tafuta alama ya maabara ya nje halafu uifuate mpaka kwenye databezi

Hizi ndo zenye maana, kwa sababu kuna mtu mwingine tofauti na mwenye kiwanda aliyepima, na anarudi kiwandani baada ya hapo kuangalia kama wanaendelea kutengeneza kile kile. UL kwa kawaida wanaingia kiwandani mara 4 kwa mwaka bila kupiga hodi. ETL ya Intertek inafanya kazi ya aina hiyo hiyo kwa soko la Marekani. GS ya Wajerumani, ile inayokuja na jina la TÜV pembeni, nayo ina ukaguzi wa kiwanda na cheti chake kina mwisho, hakizidi miaka 5. Japani wana PSE, na ya chaja za ukutani inatakiwa iwe ndani ya almasi, ile ya duara ni ya kujitangaza. China wenyewe wana CCC, ambayo kwa chaja za kuuzwa ndani ya China ni ya lazima.

Uzuri wa alama za aina hii ni kwamba zinahakikika. Cheti kipo kwenye databezi ya wazi na unaweza kuingia bure kwa simu yako. UL ni Product iQ, unajisajili kwa imeili tu. TÜV Rheinland ni certipedia.com, unaandika namba ya ID iliyo chini ya alama. Intertek nao wana orodha yao kwenye tovuti yao.

Ukiingia unalinganisha vitu vitatu: kampuni, namba ya modeli, na aina ya bidhaa. Vyote vitatu, sio kimoja. Na hapa kwenye aina ya bidhaa ndo kuna mtego ambao umewakamata hata mafundi wenzangu, kwa hiyo naomba nikae hapo kidogo.

UL wana alama mbili kubwa. Moja ni herufi UL ndani ya duara na neno LISTED, hiyo ni ya bidhaa iliyokamilika. Nyingine ni R iliyogeuzwa kama inajitazama kwenye kioo imeshikana na U, hiyo ni ya kipande tu, kitu kinachoenda kuwekwa ndani ya kitu kingine. Zote zina namba ya faili inayoanza na E. Sasa fikiria, ndani ya chaja hiyo moja kuna bodi, kuna plastiki ya ganda, kuna waya, na kila kimoja kinaweza kuwa kimetoka kiwanda chenye faili lake UL. Ukifungua chaja mbovu kuliko zote utakuta kwenye bodi pameandikwa 94V-0 na namba ya E. Hiyo ni kweli wala sio feki, ila inahusu ile bodi tupu kwamba haiendelezi moto, na faili ni la kiwanda cha bodi. Waya wa USB nao, uangalie kwa makini una maandishi kama AWM 2725 80°C 30V VW-1 na E yake, hilo ni faili la mtu wa waya. Muuzaji mjanja, au asiyejua pia, anachukua hiyo namba ya E anakuonyesha: "ona UL hii hapa, kaihakiki". Unaihakiki, inatoka, kampuni ipo, unalipa.

Namna ya kujua ni kuangalia herufi za kundi ndani ya Product iQ:

```
QQJQ    chaja / pawa saplai iliyokamilika
QQJQ2   pawa saplai kama kipande cha ndani
ZPMV2   bodi tupu
AVLV2   waya
QMFZ2   plastiki
```

Ile 2 ya mwisho maana yake kipande. Chaja ya kuchomeka ukutani unayoinunua kama bidhaa inatakiwa iwe kundi lisilo na 2. Ukikuta QQGQ sio kosa, hilo ni kundi la kiwango cha zamani, inamaanisha ubunifu wenyewe una miaka.

Turudi kwa shemeji. Muuzaji alituma picha ya ndani ya chaja (kwa nini alikuwa nayo sijui, nadhani aliipata kwa muuzaji wake) na namba ya E imeonekana vizuri kabisa. Niliiingiza, ikatoka kampuni moja ya bodi, kundi ZPMV2. Kwenye ganda la nje hakukuwa na UL ya aina yoyote ile, ni kwenye tangazo tu. Basi UL nayo ikaondoka.

Hatua ya 5: akikutumia cheti cha PDF, soma namba za viwango

Muuzaji hakukata tamaa, akatuma PDF. Zuri, lina muhuri wa dhahabu na saini, juu pameandikwa "Certificate of Compliance" na CE kubwa ya kujaza nusu ukurasa. Shemeji akasema haya sasa shem umeshindwa. Nikamwambia puuza muhuri, shuka chini palipoandikwa viwango. Palikuwa na hivi:

```
EN 55032
EN 55035
EN IEC 61000-3-2
EN 61000-3-3
```

Vyote vinne ni vya mwingiliano wa umeme, yaani kelele za redio na kuchafua laini ya umeme. Hakuna hata kimoja kinachohusu shoti wala moto. Kiwango cha usalama cha chaja za aina hii kina namba 62368-1, inaweza kuwa na EN, IEC au UL mbele, lakini hiyo namba lazima uione. Ukiona 60950-1 peke yake, hicho ndicho kilichokuwepo zamani, Ulaya walikiondoa tarehe 20 Desemba 2020, kwa hiyo chaja inayouzwa leo kama "toleo jipya" na cheti cha 60950-1 kuna kitu hakiendani.

Halafu angalia modeli. Cheti cha shemeji kilikuwa cha chaja ya wati 20. Namba ya modeli inaanza na herufi zile zile, mwisho ndo tofauti, na ukiwa na haraka hupati. Chaja ya 65 ina transfoma nyingine na joto lingine, kipimo cha ile ya 20 hakihamii. Ikiwa cheti kina orodha ya modeli nyingi, yako lazima iwepo kwenye orodha kama ilivyo, "inafanana nayo" haitoshi.

Jina la kampuni kwenye cheti linaweza kutofautiana na brandi na isiwe shida, maana chaja nyingi zinatengenezwa na kiwanda kingine kwa niaba ya mwenye jina. Kikubwa modeli iwe ile ile na jina la kiwanda au brandi lionekane mahali fulani kwenye lebo. Na mwisho angalia nani katoa cheti. Kama ni ofisi usiyoijua na haina databezi ya kutafutia namba, hicho cheti kina thamani ya karatasi iliyochapiwa.

Kwa hiyo oda ile ya elfu 28 tukaiacha. Baada ya siku mbili akapata nyingine ya wati hizo hizo elfu 70, lebo ina GS ya TÜV Rheinland na ID chini yake, tukaingia Certipedia, kampuni ikatoka, modeli ikatoka herufi kwa herufi, aina ya bidhaa pawa saplai, cheti bado hakijaisha. Akanung'unika bei, akalipa.

Kuhusu alama za kwetu, TBS na KEBS, kuna jambo watu wanalichanganya. Mzigo wa muagizaji unakaguliwa kabla haujasafiri na unapewa cheti cha mzigo, Kenya unapata na stika ya ISM. Ni msaada, unaonyesha kuna mtu kaulizwa makaratasi. Lakini kamzigo kako kamoja ulikokaagiza mwenyewe kutoka nje hakana cheti cha aina hiyo, na stika nayo ni kitu cha kubandika. Mimi naihesabu kama nyongeza juu ya alama ya maabara.

Hatua ya 6: ikifika, ikague kabla siku za kurudisha hazijaisha

Databezi inakwambia modeli hiyo ilipimwa. Haikwambii kwamba hiyo iliyo mkononi mwako ndo modeli hiyo, feki inachapa namba ile ile. Kwa hiyo chukua rula.

Kwa plagi ya pini tatu bapa pima kutoka ukingo wa pini yoyote mpaka ukingo wa ganda la chaja, isiwe chini ya milimita 9.5. Umbali huo upo ili kidole chako kisiguse pini wakati unachomeka gizani, na feki nyingi zinashindwa hapa kwa sababu wanabana ganda kuokoa plastiki. Pini mbili za chini ziwe na ngozi nyeusi ya plastiki kwa nusu iliyo karibu na ganda, ile ya ethi kama ni ya chuma isiwe na ngozi, maana hiyo ndo inatangulia kuingia na kuifungua soketi, na chuma chake kinatakiwa kiguse. Ya plastiki tupu kwenye chaja ni sawa. Chomeka kwenye soketi bila kuwasha swichi: kama inaingia kwa kulazimisha au inalegea, usiendelee. Nimeshaona pini iliyobaki ndani ya soketi na chaja imetoka mkononi mwa mtu.

Halafu linganisha lebo na picha uliyotumiwa mwanzo. Spelingi, modeli, namba za umeme. Ganda lisifunguke kwa kucha. Uzito unasaidia kidogo lakini usiutegemee, nimeshakuta chaja iliyowekewa kipande cha chuma ndani ili iwe nzito. Na usiifungue mwenyewe kuangalia, kapasita kubwa ya ndani inabaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa, mimi mwenyewe imeshanitupa mkono.

Mambo mawili yanayoletwa mezani kwangu kila wiki na watu wanaodhani alama imewadanganya. La kwanza, chaja original imekufa baada ya umeme kuja kwa nguvu. Kwenye maabara chaja ya 100 hadi 240 inapimwa na ziada ya asilimia 10, yaani mpaka volti 264 hivi. Nyutro ikikatika mtaani ukaletewa 350 hiyo iko nje ya mkataba, na fyuzi ya ndani ikiungua na chaja ikanyamaza bila moshi, imefanya ilichopimwa kufanya. La pili, laptop au simu yenye mgongo wa chuma inawasha ukiipapasa ikiwa kwenye chaji, kama vile inatetemeka. Mara nyingi huo ni umeme mdogo unaovuja kupitia ile kapasita ya Y, unaruhusiwa ukiwa chini ya kikomo cha kiwango, na utausikia zaidi ukiwa peku kwenye sakafu ya simenti. Ila ikikung'ata, yaani ukarudisha mkono bila kupenda, zima swichi ya ukutani kwanza ndipo uchomoe, na chaja hiyo usimpe mtu mwingine. Shemeji alinipigia kwa hilo la pili siku ya tatu, nikamuuliza umevaa ndala, akasema hapana.